Kifungu cha 34(2) ambacho hakikuwahi kuandikwa

*Swali: Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama wapatao 800. Tumeweka modeli ya lugha ijibu maswali ya wanachama kwenye simu kuhusu masharti ya chama. Mwezi uliopita mwanachama alikuja kaunta na jibu linalosema kwamba “kwa mujibu wa kifungu cha 34(2)” mdhamini anaweza kujitoa kwa notisi ya siku 14. Masharti yetu yana vifungu 31 tu, na hayasemi lolote kuhusu mdhamini kujitoa. Tulikuwa tumeshaiandikia isibuni. Kwa nini inafanya hivi, na tufanye nini?*

Ndugu mhasibu, agizo la kutobuni halikufanya kazi kwa sababu modeli haina mahali inapotazama ili ijue kwamba sasa inabuni. Kwake yeye, kutaja kifungu kilichopo na kutaja kifungu kisichopo ni kazi ileile, inayofanywa kwa njia ileile.

Lifuateni jibu lile taratibu. Modeli huandika kipande kwa kipande, na kila kipande, ambacho mafundi hukiita tokeni, huchaguliwa kwa kukadiria ni kipi kinaelekea kufuata baada ya yote yaliyotangulia. Mwanachama aliuliza kama mdhamini anaweza kujitoa. Katika maandishi ambayo modeli ilijifunzia, maswali ya aina hiyo hujibiwa kwa lugha ya kisheria, na lugha ya kisheria ina misemo yake isiyobadilika: “kwa mujibu wa”, “kwa maandishi”, “notisi ya siku”. Ilipokwisha kuandika “kwa mujibu wa kifungu cha”, ilibakiwa na nafasi ambayo karibu kila mara hujazwa na namba. Neno “sijui” haliingii hapo, maana hakuna mkataba wala katiba ya chama chochote iliyowahi kuandika “kwa mujibu wa kifungu cha sijui”. Namba ikaja, kisha mabano ya kifungu kidogo, kisha idadi ya siku. Na kwa kuwa notisi nyingi duniani ni za siku 7, 14 au 30, mojawapo ikachukua nafasi yake. Modeli haikurudi nyuma kusahihisha, kwa sababu kila kilichokwisha kuandikwa huwa msingi wa kinachofuata. Mlichopewa ni wastani wa masharti ya vyama vya watu wengine, kimeandikwa kwa sauti ya masharti yenu.

Sababu ya pili iko katika namna modeli ilivyojifunza. Kuna mambo yenye mpangilio, na kuna mambo yasiyo na mpangilio wowote isipokuwa kwamba ndivyo yalivyo. Upatanisho wa kisarufi una mpangilio: ukishaona “kiti kile” na “viti vile” mara nyingi, huhitaji kuambiwa habari za “kitabu kile”. Lakini siku ya kuzaliwa ya mtu haitokani na jina lake, na namba ya kifungu haitokani na maudhui yake. Jambo la namna hiyo mtu amelisoma au hajalisoma, basi. Adam Kalai na Santosh Vempala, ambao wamelichambua suala hili kwa hesabu, walionyesha kwamba kwa mambo ya aina hii kiwango cha makosa cha modeli ambayo imemaliza tu hatua ya kwanza ya mafunzo hakiwezi kushuka mbali chini ya sehemu ya mambo hayo yaliyoonekana mara moja tu katika maandishi ya mafunzo. Ikiwa siku za kuzaliwa 20 katika kila 100 zimetajwa mara moja tu, tarajia kukosea takribani 20 au zaidi katika kila 100. Masharti yenu hayajatajwa hata hiyo mara moja, kwa sababu yamo kwenye faili la ofisini.

Mwaka 2025 watafiti hao, pamoja na wenzao wawili, walitoa mfano ambao ungeweza kuwa kioo cha kilichowapata. Waliiuliza modeli moja inayofahamika sana siku ya kuzaliwa ya Kalai mwenyewe, wakiiagiza ijibu kwa siku na mwezi tu, na ijibu ikiwa inajua. Katika majaribio matatu ikatoa 3 Julai, 15 Juni na 1 Januari. Zote tatu si sahihi. Tazameni vizuri: sharti la “ikiwa unajua” lilikuwemo ndani ya swali, kama lenu la kutobuni lilivyokuwemo, na halikuzuia kitu.

Kwa nini halikuzuia, wakati modeli hizi hupitia hatua ya pili ya mafunzo ambamo zinafundishwa adabu ya kujibu? Jibu lao, ambalo mimi nalikubali, ni kwamba mitihani mingi inayotumika kuzipima na kuzilinganisha modeli hutoa alama moja kwa jibu sahihi na sifuri kwa jibu lisilo sahihi, na sifuri hiyohiyo kwa “sijui”. Yeyote aliyefanya mtihani wa kumaliza darasa la saba anajua dawa ya mtihani wa namna hiyo. Zikibaki dakika mbili na swali la 38 hulijui, unasiliba herufi yoyote na kusonga mbele, kwa sababu kuacha wazi hakuna faida hata chembe. Modeli imesiliba hivyo kwa mamilioni ya maswali. Ikifika kwenu na sentensi moja inayosema “usibuni”, inakuja na mazoea hayo yote nyuma yake.

Kabla sijaingia katika tiba, niiondoe moja isiyo tiba, kwa sababu najua itapendekezwa kwenye kikao chenu: kuiuliza modeli yenyewe kama ina uhakika. Mwaka 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili wa mdai waliwasilisha maandishi yaliyotaja hukumu za awali ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Wakili aliyezipata alikuwa ameiuliza modeli kama mojawapo ni kesi ya kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ni ya kweli na kwamba inapatikana katika hifadhi za kisheria zinazoheshimika. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Uthibitisho ule ulitoka palepale zilipotoka hukumu: baada ya mazungumzo yaliyojaa majina ya kesi na namba za kurasa, kinachoelekea kufuata swali “je, ni ya kweli?” ni “ndiyo”.

Vilevile msidanganyike na kitufe cha `temperature`. Kukishusha hadi 0 hupunguza bahati nasibu katika uchaguzi wa tokeni, lakini modeli itakachokichagua ni kile inachokiona kinaelekea zaidi, na kinachoelekea zaidi kinaweza kuwa uongo. Mtapata kifungu cha 34(2) kila siku badala ya kukipata Jumanne na kupata cha 27(1) Alhamisi. Mabadiliko hayo ya siku hadi siku, ambayo watu huyaona kero, yana manufaa yake, nami nitayarudia.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kuacha kuitegemea kumbukumbu ya modeli. Iwekeeni masharti yenyewe mbele ya macho katika kila swali. Vifungu 31 kwa kawaida haviwezi kuzidi maneno elfu saba au nane, na hata ukizingatia kwamba modeli nyingi hukikata Kiswahili katika vipande vingi kuliko Kiingereza, hesabu haitavuka sana tokeni elfu ishirini, wakati modeli za sasa nyingi hupokea zaidi ya laki moja kwa mara moja. Kwa hiyo katika hali yenu msikubali kuuziwa mfumo wa utafutaji wenye hifadhi maalumu na gharama ya kila mwezi. Waraka wote unaingia.

Mkishaongeza sera ya mikopo, nyaraka za bodi na maazimio ya mikutano mikuu ya miaka kumi, hapo waraka wote hautaingia tena kwa gharama ya kuvumilika, na itabidi programu itafute kwanza vipande vinavyohusika kisha impe modeli hivyo tu. Wakati huo kuweni macho na jinsi waraka unavyokatwa. Niliwahi kutengeneza mfumo wa aina hii kwa ofisi moja, nikaukata waraka wao kila baada ya herufi 500 kama nilivyoona wengi wakifanya. Kifungu kimoja kilisema mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, “isipokuwa” mwanachama ambaye hajatimiza miezi sita, ambaye kiwango chake ni sawa na akiba. Mkato ukaangukia kabla ya “isipokuwa”. Kwa wiki mbili mfumo uliwaahidi wanachama wapya mara tatu, ukiwa na nukuu sahihi kabisa mkononi. Hakuna aliyebuni chochote pale isipokuwa mimi niliyekata. Tangu siku hiyo nakata kwa kifungu, hata kikiwa kirefu, na namba ya kifungu pamoja na kichwa chake huandamana na maandishi popote yaendapo.

Hatua ya pili ni maelekezo yenyewe. Kosa la “usibuni” ni kwamba linakataza bila kuonyesha njia. Modeli inapofika mahali ambapo masharti hayana jibu, inahitaji kitu cha kuandika, na kitu hicho lazima kiwe chepesi kuandika kuliko kifungu cha uongo. Mimi ningeandika hivi:

```
Jibu kwa kutumia maandishi yaliyo kati ya <masharti> na </masharti> tu.
Kwanza andika namba ya kifungu, kisha nakili neno kwa neno
sentensi inayojibu swali.
Baada ya nukuu, eleza kwa sentensi zisizozidi tatu.
Kama hakuna sentensi inayojibu swali, andika HAIPO na uishie hapo.
Kama swali linadai jambo ambalo masharti hayalisemi, andika HAIPO.
```

Mpangilio wa mistari hiyo si wa bahati. Nukuu inatangulia maelezo kwa sababu ileile niliyoieleza mwanzo: kilichokwisha kuandikwa ndicho msingi wa kinachofuata. Ukiruhusu maelezo yaanze, modeli itafikia uamuzi kwanza, kisha itatafuta au kutunga nukuu ya kuutetea. Nukuu ikitangulia, maelezo yanalazimika kutembea juu yake. Kwenye mfumo mmoja niliubadilisha mpangilio huu tu bila kugusa kingine, na nukuu zisizo za kweli zikapungua kwa namna ambayo hata mwenye ofisi aliiona bila kuambiwa.

Mstari wa mwisho unastahili maelezo pia, kwa sababu unagusa udhaifu ambao wengi hawaupimi. Watu hawaulizi maswali matupu. Huuliza maswali yaliyobeba dai. Mwanachama yule, akiwa na jibu lake la kwanza simuni, kesho atauliza: “Ile notisi ya siku 14 ya mdhamini inaanza kuhesabiwa lini?” Modeli imezoea kumkubalia anayeuliza, na swali lenyewe limeshasema kwamba notisi ipo. Bila mstari ule itawaza siku ya kuanza kuhesabu, na uongo wa kwanza utakuwa umepata mtoto.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi ya zote, kwa kuwa haiitegemei modeli hata kidogo. Kwa kuwa mmeilazimisha kunakili neno kwa neno, programu ya kawaida inaweza kuhakiki kama maneno hayo yamo. Masharti yanawekwa kifungu kwa kifungu, kila kimoja kwa namba yake, kisha:

```python
import re

def safisha(s):
    s = s.replace("’", "'").replace("‘", "'")
    return re.sub(r"\s+", " ", s).strip().lower()

def nukuu_ipo(nukuu, kifungu, masharti):
    matini = masharti.get(kifungu.split("(")[0].strip())
    if matini is None or len(nukuu.split()) < 5:
        return False
    return safisha(nukuu) in safisha(matini)
```

Lipitisheni jibu la mwezi uliopita humo. Programu inatafuta kifungu cha 34, haikioni, inarudisha `False`, na jibu haliendi kwa mwanachama. Kosa lililowaletea mtu kaunta lingekamatwa na mistari michache isiyojua Kiswahili wala ushirika. Sharti la maneno matano liko pale ili modeli isinukuu “mdhamini” pekee, neno ambalo bila shaka limo, na kuhesabiwa kuwa imenukuu.

Kuhusu mstari wa kwanza wa `safisha`, unaweza kuonekana mdogo, lakini ukiuacha mtapata malalamiko ya ajabu. Alama iliyo katika “ng'” huandikwa kwa herufi tofauti kutegemea kama waraka ulichapwa kwenye simu, kompyuta au ulipigwa picha na kusomwa na mashine. Kifungu chenu kinachosema mwenyekiti “atang’atuka” na nukuu ya modeli inayosema “atang'atuka” zinafanana kwa jicho la mtu na hazifanani kwa programu, kwa hiyo nukuu ya kweli itakataliwa. Kama masharti yenu yaliingizwa kwa kupigwa picha, yasomeni yote mara moja kwa macho kabla ya kuanza, hasa namba. Hakuna programu itakayogundua kwamba 30 ilisomwa kuwa 80, na modeli itanukuu 80 kwa uaminifu mkubwa.

Uhakiki huu una mpaka wake, nao ni muhimu mkaujua. Unathibitisha kwamba nukuu ipo; hauthibitishi kwamba maelezo yanayoifuata yanatokana nayo. Kiswahili kinabeba ukanushaji ndani ya silabi moja: “anaruhusiwa” na “haruhusiwi” zinatofautiana kidogo kwa sura na kabisa kwa maana, na “anaweza” si “atapaswa”. Modeli inaweza kunakili sahihi kisha ikaeleza kinyume. Kuna ulinzi wa namna mbili. Mmoja ni wa programu: kila namba iliyo katika maelezo lazima iwemo katika nukuu, kwa tarakimu au kwa maneno, la sivyo jibu linazuiwa. Hili litawalazimisha kuondoa hesabu mikononi mwa modeli, na ni vizuri. Mwanachama mwenye akiba ya shilingi 2,400,000 akiuliza anaweza kukopa kiasi gani, modeli itaje mara tatu na kifungu chake, kisha programu izidishe na kuandika 7,200,000. Mwingine ni kuita modeli mara ya pili, katika mazungumzo mapya kabisa yasiyo na swali wala historia, ukiipa nukuu na maelezo tu na kuiuliza kama kila dai katika maelezo limo ndani ya nukuu. Mazungumzo mapya ni sharti, kwa sababu tumeona kilichompata wakili wa New York alipouliza ndani ya mazungumzo yaleyale. Hata hivyo msiuchukulie mlango huu wa pili kama ukuta. Modeli ileile ina upofu uleule. Kwa maswali ya riba, marejesho na udhamini, ambayo mtu huenda akayatumia kutia saini, mimi ningemwonyesha mwanachama maandishi ya kifungu chenyewe juu, kwa herufi kubwa, na maelezo chini yake kwa herufi ndogo.

Sasa nirudi kwenye yale mabadiliko ya siku hadi siku. Kama kuna maswali ambayo mmeiruhusu modeli kuyajibu kutokana na kumbukumbu yake, kwa mfano maana ya “gawio” au tofauti ya hisa na akiba, unaweza kuliuliza swali lilelile mara tano, `temperature` ikiwa juu kidogo, kama 0.7, na kulinganisha. Jambo ililolijifunza vizuri litarudi kwa maana ileile japo maneno yatabadilika. Jambo inalolitunga litarudi kwa sura tofauti tofauti, kama zile tarehe tatu za Kalai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha njia iliyojengwa juu ya wazo hili katika jarida la *Nature* Juni 2024, wakilinganisha maana za majibu badala ya maneno yake. Ina udhaifu mmoja mkubwa: kama modeli ilijifunza kosa lenyewe, italirudia mara tano bila kutetereka. Kutoafikiana ni dalili ya kubuni, lakini kuafikiana si cheti cha ukweli. Na gharama ya kila swali inakuwa mara tano, ndiyo maana sikuiweka mbele.

Mkishafanya hayo mtataka kujua kama mambo yamekuwa mazuri, na hapa ndipo ofisi nyingi hujipima kwa kipimo kibovu na kuurudisha mfumo wa zamani. Andikeni maswali 60 kwa lugha wanayoitumia wanachama, si lugha ya masharti: “nikifa nani anachukua hisa zangu”, si “urithi wa hisa za mwanachama”. Maswali 40 yawe na majibu katika masharti, na 20 yasiwe nayo, yakiwemo matano yenye dai la uongo kama lile la siku 14. Majibu sahihi yaandikwe na mtu anayeyajua masharti, kabla ya kuiuliza modeli.

Tuchukue matokeo ya mfano. Mfumo wa zamani unajibu kila kitu: maswali 38 kati ya 40 umepatia, 2 umekosa, na yale 20 yasiyo na jibu umeyatungia majibu yote. Mfumo mpya umepatia 33, umesema HAIPO kwa 7 ambayo jibu lake lilikuwepo, na kati ya yale 20 umesema HAIPO kwa 19 na kutunga moja. Mkihesabu majibu sahihi peke yake, wa zamani una 38 kati ya 60, wa mpya una 33, na kikao kitaamua kwamba fedha zimepotea bure. Ni ule mtihani wa kusiliba tena, safari hii mmeutunga wenyewe.

Badilisheni alama. Jibu sahihi lipewe 1, HAIPO ipewe 0, jibu la uongo litozwe 3. Mfumo wa zamani unapata 38 ukiondoa 66, yaani hasi 28. Mfumo mpya unapata 33 ukiondoa 3, yaani 30. Tozo ya 3 maana yake ni kwamba jibu lina faida likiwa na uwezekano unaozidi robo tatu wa kuwa sahihi. Chini ya hapo kunyamaza ni bora. Tozo hiyo iamuliwe na bodi, si na fundi, kwa kujiuliza jibu moja la uongo linawagharimu nini kulinganisha na mwanachama mmoja kulazimika kupiga simu ofisini. Nyinyi mmeshaonja, kwa hiyo nadhani bodi yenu haitaweka chini ya 3.

Zile HAIPO 7 zisizo za lazima zisomeni moja moja. Mara nyingi mtakuta mwanachama ametumia neno ambalo masharti hayalitumii, amesema “kuchomoa dhamana” wakati waraka unasema “kuondolewa udhamini”. Jedwali dogo la maneno ya mtaani na ya waraka, likiwekwa juu ya masharti katika maelekezo, litazipunguza bila kuifungulia modeli mlango wa kubuni. Fanyeni jaribio la maswali 60 upya kila mnapobadilisha neno katika maelekezo, au mtoa huduma anapobadilisha toleo la modeli. Toleo jipya linaweza kuwa hodari zaidi kwa ujumla na jepesi zaidi la kutunga katika jambo lenu.

Neno HAIPO lenyewe lisimfikie mwanachama hivyo. Programu ilibadilishe liwe “Masharti ya chama hayasemi lolote kuhusu jambo hili. Swali lako limepelekwa kwa meneja”, na liingie kweli kwenye daftari la meneja pamoja na tarehe. Swali la mdhamini kujitoa litakuwa miongoni mwa ya kwanza kuingia humo. Likirudiwa na wanachama kumi kabla ya mkutano mkuu ujao, mtakuwa na hoja ya kupeleka mkutanoni, na huenda mkakipata kifungu cha 32 mlichokiandika wenyewe.